Kuuma Nyasi: Daftari Langu la Methali za Kijerumani

Mwaka jana nilimwandikia mama mmoja wa Kijerumani barua ya rambirambi, na ndani ya barua hiyo nikamwambia kwamba baba yake "ameuma nyasi". Sikukusudia ubaya. Nilidhani nimeandika Kijerumani kizuri, tena cha mtu aliyekwisha kuvuka masomo ya mwanzo. Insha hii ni maelezo ya jinsi nilivyofika kwenye kosa hilo, na jinsi lilivyonilazimu kuliandika upya daftari langu lote.

Nasoma Kiswahili chuoni, na Kijerumani ni somo langu la ziada. Kwetu ni Rejaf, kusini kidogo ya Juba, kwenye Mto Nile. Kiswahili nilikipata katika kambi ya Kakuma, Kenya, ambako nilisoma shule ya msingi na ya sekondari. Walimu wetu huko walitufundisha kwamba insha isiyo na methali ni mchuzi usio na chumvi, kwa hiyo tulizikariri kwa mamia. Tabia hiyo ya kukariri ndiyo niliyoibeba hadi kwenye Kijerumani. Nilinunua daftari, nikalipiga mstari katikati, upande wa kushoto nikaandika msemo wa Kijerumani, na upande wa kulia methali au nahau ya Kiswahili niliyoona inafanana nao. Likizo iliyopita nilirudi nalo nyumbani likiwa na kurasa thelathini na mbili.

Rejaf si mahali pageni kwa kazi ya namna hii. Mwezi wa Aprili 1928, Waingereza waliokuwa wakiitawala Sudan waliitisha hapa mkutano wa kuamua ni lugha zipi za kusini zitumike shuleni na ziandikwe vipi. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa mtaalamu wa Kijerumani, Diedrich Westermann, ambaye miaka kumi na sita kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu juu ya Washiluki, lugha yao na masimulizi yao. Nilipokuwa nikikaa chini ya mwembe na daftari langu, nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba Mjerumani alikuja Rejaf kuzipima lugha zetu, na sasa mtu wa Rejaf anaipima yake.

Mama niliyemwandikia alikuwa muuguzi nchini Tanzania alipokuwa kijana, na Kiswahili chake ni cha zamani na kizuri. Tulijuana kupitia mwalimu wangu. Mimi humwandikia kwa Kijerumani, yeye hunijibu kwa Kiswahili, na kila mmoja humsahihisha mwenzake. Huniita "mwanangu", nami humwita "mama". Alipoandika kwamba baba yake mwenye umri wa miaka tisini na mmoja amefariki, nilifungua daftari. Mstari mmoja ulisomeka hivi: *ins Gras beißen*, kuuma nyasi, kufa, kuaga dunia. Nikaona "kuaga dunia" ni maneno ya heshima, nikavuka kwenda upande wa kushoto na kuuchukua msemo ule.

Jibu lilichelewa wiki moja. Aliandika: "Mwanangu, najua ulitafuta neno zuri. Lakini hilo hatulisemi kwa mtu wetu. Tunalisema kwa jambazi wa sinema." Chini yake alinisalimia kama kawaida, akauliza kama mvua imeanza. Ule upole wake ndio ulionikata zaidi.

Niliirudia barua yangu mara kadhaa kutafuta kosa lenyewe lilikuwa wapi. Tafsiri haikuwa na kosa. *Gras* ni nyasi, *beißen* ni kuuma, na msemo wote maana yake ni kufa. Picha yake ni ya mtu aliyeanguka kifudifudi, mdomo ukagusa ardhi. Kosa lilikuwa katika ule mstari niliochora katikati ya daftari. Mstari ule ulisema kwamba cha kushoto ni sawa na cha kulia, lakini haukusema ni sawa kwa nani, na wakati gani.

Siku chache baadaye mama yangu alinituma mashineni kusaga mahindi, na huko nikapata somo la pili.

Mashine yetu, ambayo kwa Kiarabu cha Juba tunaiita tahuna, inaendeshwa kwa dizeli. Dizeli ikiisha siku imeisha, na aliyebaki nje anarudi nyumbani na mahindi yake mazima. Kwa hiyo foleni ni jambo la chakula cha usiku. Watu hawasimami juani. Wanapanga mabeseni na magunia yao chini, moja nyuma ya jingine, kisha wanakaa kivulini. Siku hiyo kijana mmoja alifika na gunia lake na kulisukuma hadi mbele ya beseni la mama mmoja mzee. Yule msagaji ni Mganda kutoka Arua, anazungumza Kiswahili. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Aliyeweka chombo kwanza anasaga kwanza," akalirudisha gunia nyuma kwa mguu.

Nilishtuka, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayo daftarini kwa Kijerumani: *Wer zuerst kommt, mahlt zuerst.* Ajaye kwanza husaga kwanza. Ni methali ya kinu hasa. Asili yake ni kanuni ya sheria iliyomo katika *Sachsenspiegel*, kitabu cha sheria za Wasaksoni kilichoandikwa na Eike von Repgow katika karne ya 13. Wakulima walipeleka nafaka kwenye kinu cha maji kilichotumiwa na wengi, nao waligombania zamu kama sisi. Leo Mjerumani anaitumia kwa tiketi, kwa vyumba vya kupanga, au kwa kipande cha mwisho cha keki, na wengi wao hawajawahi kuona kinu.

Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeiandika vibaya kabisa. Kijerumani kina vitenzi viwili vinavyotamkwa sawasawa: *mahlen*, kusaga, na *malen*, kupaka rangi au kuchora. Tofauti ni herufi h tu, na sikioni haipo. Nilikuwa nimeandika "ajaye kwanza hupaka rangi kwanza", nikaona ni hekima ya mafundi wa nyumba. Nilijua nimekosea nilipoiona imechapishwa. Hii ni hatari ya kwanza ya misemo: ukikosa herufi moja unapata picha nyingine inayoeleweka vilevile, na hakuna kinachokuamsha.

Lakini kosa kubwa lilikuwa upande wa kulia. Nilikuwa nimeandika "Kutangulia si kufika", kwa sababu zote mbili zinataja kutangulia. Pale mashineni nilijaribu kuiweka methali hiyo kinywani mwa msagaji. Kama angemwambia yule mama mzee "Kutangulia si kufika", angekuwa amemnyima haki yake: amemwambia kwamba kuwahi kwake si kitu, na kwamba aliye nyuma anaweza kumpita. Ingekuwa ni kumpa ushindi yule kijana. Methali mbili zilizogusa jambo moja zilikuwa zinahukumu kinyume.

Nikajaribu nyingine: "Chelewa chelewa utapata mwana si wako." Hii iko karibu zaidi, maana nayo inampa mtu hasara kwa kuchelewa. Hata hivyo inaelekezwa kwa mtu mwingine. Methali ya Kijerumani inaamua kati ya watu wawili waliosimama mbele ya kinu, na inampa haki aliyetangulia. Ya Kiswahili inamwonya mtu mmoja, kabla hajachelewa au baada ya kupoteza. Msagaji angeweza kumwambia yule kijana maneno hayo, lakini yangekuwa kejeli, si hukumu. Kwa hiyo daftarini sasa nimeandika: kwa kuonya, "Chelewa chelewa", kwa kuamua, sema wazi kama alivyosema msagaji. Si lazima kila methali ijibiwe kwa methali. Mara nyingine sentensi ya kawaida ndiyo iliyo karibu zaidi, na mwanafunzi anayelazimisha methali mahali hapo anaiharibu kazi yake.

Jioni ile nilifungua ukurasa mpya. Badala ya sehemu mbili niliweka nne: maneno yenyewe yanasema nini, nani humwambia nani, anamwambia katika hali gani, na baada ya kuambiwa, yule mtu anajisikiaje. Ya Kiswahili niliiandika mwisho, baada ya kuzijaza hizo nne. Nikaanza kupitisha misemo ya zamani humo, mmoja mmoja. Nitaeleza michache, kwa sababu iligawanyika katika namna tatu.

Namna ya kwanza ni ile yenye picha mbalimbali lakini kazi moja. *Viele Köche verderben den Brei*: wapishi wengi huharibu uji. Kila mmoja anaonja na kutia chumvi yake, mwisho hauliki. Kiswahili kinajibu, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Kutoka jikoni tumekwenda baharini, lakini hali ni ileile: kazi moja, wakuu wengi, hasara. Zote mbili husemwa na mtu anayetaka mmoja aachiwe uamuzi. Tofauti iliyobaki ni uzito. Uji ukiharibika mnalala njaa usiku mmoja. Chombo kikienda mrama watu wanaweza kufa. Kwa kikundi chetu cha kazi ya darasani, ambacho kila mtu alitaka kuandika utangulizi, methali ya Kijerumani inatosha bila kumtisha mtu. Ya Kiswahili inaweza kusikika kubwa mno, ingawa nayo hutumika kwa utani.

Nyingine ya namna hii ilinisumbua muda mrefu: *Der Krug geht so lange zum Brunnen, bis er bricht.* Mtungi huenda kisimani mpaka uvunjike. Kwa mtu aliyelelewa akibeba maji, maana ya kwanza inayokuja ni kwamba kila kitu huchakaa, au kwamba ajali haina kinga. Ndivyo nilivyoandika. Lakini nilipojaza sehemu ya "hali gani", mifano niliyoikusanya kutoka kwa yule mama na kutoka kamusini ilikuwa ya watu waliorudia jambo baya au la hatari wakaponea mara nyingi: karani anayeiba kidogokidogo, mwanafunzi anayeiga kazi za wenzake, dereva asiyewasha taa. Hapo jibu likawa wazi: "Za mwizi arobaini." Mtungi ni safari zinazohesabika, na mwizi naye ni siku zinazohesabika. Ila kwa dereva asiyewasha taa methali hii haifai, maana yeye hakuiba, na ukimwambia hivyo umemvunjia heshima. Kwake nimeweka "Mchezea tope humrukia." Msemo mmoja wa Kijerumani umegawanyika mara mbili kwa Kiswahili, kulingana na kama mtu ni mhalifu au ni mzembe.

Namna ya pili ndiyo ya hatari, nayo ni picha moja yenye kazi mbili. Mjerumani akisema umegusa jambo lenyewe barabara, husema *den Nagel auf den Kopf treffen*, kuupiga msumari kichwani. Ni sifa. Seremala aliyelenga vizuri hapindishi msumari wala hajipigi kidole. Kwa Kiswahili msumari uko mahali pengine kabisa: kumtia mtu msumari wa moto kwenye kidonda ni kumzidishia uchungu ambao tayari anao. Nilikuwa nimeyaweka mawili hayo kwenye mstari mmoja kwa sababu ya neno msumari. Fikiria mwanafunzi wa Kijerumani anayetaka kumsifu mhadhiri wetu kwa maelezo yake, akamwambia kwamba amepiga msumari. Mhadhiri atauliza ni nani aliyeumia. Kwa sifa ile ningesema "umenena" au, kama tulivyozoea Kenya, "umegonga ndipo". Na kwa msumari wetu wa moto, Mjerumani hutumia chumvi: *Salz in die Wunde streuen*, kunyunyiza chumvi kidondani. Kwa hiyo kidonda ndicho kilichofanana, msumari ulinidanganya.

Namna ya tatu ni adimu, picha moja na kazi moja. *Wer anderen eine Grube gräbt, fällt selbst hinein*: anayewachimbia wengine shimo huanguka mwenyewe ndani. Sisi tunasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Nilipoiona nilifurahi, nikadhani nimegundua kwamba binadamu wote hufikiri sawa. Kisha nikakumbuka kwamba maneno karibu hayohayo yamo katika Biblia, kitabu cha Mithali, sura ya 26, aya ya 27. Mjerumani ameyasikia kanisani tangu siku za Martin Luther. Basi kabla ya kusema kwamba watu wawili wamefikiri jambo moja, ni vizuri kuangalia kama hawakusikia mahubiri mamoja. Hata hivyo, kwa mtumiaji si neno: methali hizo mbili unaweza kuzibadilishana bila hofu kubwa, na ni chache sana za kusema hivyo juu yake.

Nilichelewesha kuurudia mstari wa nyasi, kwa aibu. Mwishowe niliuandika. Maneno yenyewe: kuuma nyasi. Nani humwambia nani: watu wasiomjua marehemu, au wasiomjali. Hali gani: vitani, sinemani, katika utani mbaya, huweza kusemwa hata kwa gari lililokufa injini. Aliyeambiwa hujisikiaje: kama ni mfiwa, hujisikia amedharauliwa. Baada ya kuandika hivyo, neno la Kiswahili lilikuja lenyewe, na halikuwa "kuaga dunia". Lilikuwa "kukata kamba". Hata katika Kiswahili hakuna mtu anayeingia matangani na kuwaambia watoto wa marehemu kwamba mzee wao amekata kamba. Msemo mwingine wa Kijerumani wa jamii hiyo ni *den Löffel abgeben*, kurudisha kijiko, nao nimeuweka hapohapo kwenye kamba.

Nikageuka nikaanzia upande wetu. Je, Mswahili anamwambiaje mfiwa? Husema "mzee amefariki", "ametangulia mbele ya haki", "ametutoka". Nikatafuta kwa Kijerumani maneno ambayo mfiwa mwenyewe hutumia, na katika tangazo moja la msiba nikakuta *Er ist von uns gegangen.* Neno kwa neno: ameondoka kwetu. Ametutoka! Picha ni moja, heshima ni moja, na hata lile "sisi" la familia limo katika lugha zote mbili. Neno nililolihitaji lilikuwa karibu kuliko yote, na nililikosa kwa kuwa nilikuwa nikitafuta msemo wa kuvutia.

Ila kuna kitu kimoja ambacho sikukipata upande wao, nacho ni "pole". Mjerumani humwambia mfiwa *herzliches Beileid*. *Leid* ni uchungu, na *bei* ni karibu au pamoja. Ni kama kusema "niko nawe katika uchungu, kwa moyo wote". Ni maneno mazuri, lakini ni ya msiba. Hayasemwi kwa mtu aliyejikwaa, aliyetoka safari, au aliyekuwa akisaga mahindi juani tangu asubuhi. Pole yetu hufanya kazi hizo zote, na ina jibu lake. Katika daftari nimeacha nafasi yake wazi, kisha nikaandika maneno matano ya Kijerumani, kila moja na hali yake.

Nilimwandikia barua ya pili. Nilisema *Ihr Vater ist von uns gegangen*, kisha nikasita kwenye neno *uns*, "sisi". Mimi sikumjua baba yake. Kwa Kiswahili nisingesita, kwa maana msiba wa jirani ni wetu. Lakini kwa Kijerumani niliogopa kujiingiza katika familia ya watu. Niliacha sentensi ile, nikaandika *Mein herzliches Beileid*, na chini yake, kwa Kiswahili, "Pole sana, mama. Na pole kwa barua yangu ya kwanza."

Safari hii jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alisahihisha koma moja niliyoisahau. Kisha aliandika kwamba baba yake alikuwa mcheshi, na kwamba kama angeisoma ile barua ya nyasi angecheka mpaka machozi. Ni yeye binti ndiye aliyeshindwa kucheka siku ile. Nimeliongeza hilo katika sehemu ya nne, kwa kalamu nyekundu: aliyeambiwa hujisikiaje, inategemea pia amefiwa lini. Mstari wake wa mwisho ulikuwa mfupi. "Asante, mwanangu. Nimeshapoa."